Namba Nane Wawili

Mume wangu ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya msingi, na kila Jumapili alasiri alikuwa mwandishi wa mechi, mtunza magoli na kadi, katika ligi ya mtaa wa Buyenzi, alikozaliwa. Ligi ile haina mfadhili. Mwenyekiti wake anauza vipuri vya magari, mwamuzi ni fundi wa breki, na mwandishi hupewa kiti cha plastiki, meza yenye mguu mmoja mfupi, na chupa ya maji ambayo mwishowe hunywewa na mwamuzi. Mimi sipendi mpira. Niliolewa na mtu, mpira nikaukuta ndani ya nyumba.

Tena mimi ni mwoga, niliseme mapema ili nisisumbuke kulificha. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi wanicheke. Niliogopa mbwa, nikaogopa radi, nikaogopa umati wa watu wanaopiga kelele kwa pamoja, na Mungu kwa kupenda mzaha akanipa mume ambaye kila Jumapili anakwenda kuketi katikati ya umati huo akiwa ameupa mgongo.

Woga wa kawaida uligeuka kuwa woga wa kweli msimu uliotangulia. Alikuwa anaandika mechi kwenye karatasi yenye safu mbili, timu ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Baada ya mapumziko timu zilibadilishana pande, karatasi haikubadilika. Goli likafungwa, naye macho yakiwa uwanjani, mkono ukaliandika kwa timu isiyolifunga. Matokeo yaliposomwa, manahodha walikuwa wakibishana juu ya jambo jingine na wote wakatia sahihi. Katika ligi ile, sahihi ikishatiwa hakuna kurudi nyuma. Usiku huo wanaume wa timu iliyoporwa goli walikwenda nyumbani kwa mama mkwe wangu, mume wangu alipokuwa amepita kula. Mmoja alimshika ukosi, miwani ikaanguka, ikakanyagwa.

"Wamenishika tu," aliniambia alipofika kwetu Mutanga Nord, miwani ikiwa mfukoni vipande vipande.

Siku chache baadaye mwenyekiti alimwambia mbele yangu, bila ubaya wowote, huku anafuta grisi mikononi: "Mwalimu, mara ingine mi sitaweza kuwashika hawa watu."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba aache. Alisema nani atakaa pale, na ni kweli hapakuwa na mtu, kwa sababu watu si wajinga.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za simu na kompyuta ambazo watu wa maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, huandikia mizigo inayoingia na kutoka. Kazi isiyo na sifa. Ikienda vizuri hakuna anayejua nipo, ikienda vibaya sukari inapotea kwenye hesabu na jina langu linatajwa hadi kwa mlinzi wa geti. Lakini kitu kimoja nakijua: mtu anayeandika huku akili iko kwingine hukosea mahali palepale kila siku, na ukimlaumu unapoteza muda. Unatakiwa uhamishe shimo, si mtembeaji. Nikasema, kama siwezi kumtoa mume wangu kwenye kile kiti, nitamtengenezea fomu ya mechi ndani ya simu, ambayo hata shetani akimsukuma kiwiko haitakosea.

Nilitengeneza ya kwanza ya majaribio, nikaenda kumtazama akiitumia. Nilisimama nyuma ya kiti chake Jumapili mbili, nimebana mkoba kifuani, nikiangalia vidole vyake badala ya mpira. Niliona jua linavyopiga kwenye kioo cha simu mpaka maandishi madogo yanapotea. Niliona kidole gumba chenye jasho na vumbi kinavyogusa herufi ya jirani. Niliona kwamba macho yake hayashuki kwenye simu kwa zaidi ya pumzi moja, kwa sababu akiyashusha mpira unaendelea bila yeye. Mtandao nao ulikuja na kuondoka ulivyotaka.

Kwa hiyo nikaondoa kuandika kabisa. Kioo kiligawanywa nusu mbili zenye rangi za jezi za siku hiyo. Unagusa rangi ya timu, unagusa tukio, unagusa namba, basi. Namba zilizoonekana ni zile tu zilizovaliwa siku hiyo, kubwa kama vifuniko vya chupa, ili namba isiyokuwepo isiweze kuandikwa hata kwa bahati mbaya. Kipindi cha pili kikianza, mguso mmoja unazigeuza zile nusu, timu ya kushoto iwe kushoto kweli. Kila mguso ulihifadhiwa ndani ya simu palepale bila kungoja mtandao. Mwanzoni niliweka swali baada ya kila tukio, je, una hakika? Nikaona mume wangu anabonyeza ndiyo kabla swali halijamaliza kutokea, kama mtu anayeitikia amina kwenye dua ndefu. Nikalitoa. Badala yake tukio la mwisho lilibaki juu kwa maandishi makubwa, na pembeni neno moja: Futa.

Majina ya wachezaji niliyaondoa. Yalikuwa marefu, yaliandikwa kila mara kwa namna tofauti, na wengine walijulikana kwa majina ya utani peke yake. Namba inatosha, nilisema. Ghalani katoni moja ina namba moja na namba moja ni katoni moja, na sijawahi kuona katoni ikivua namba yake na kumpa mwenzake.

Na mwisho, kwa sababu ya woga, nikaongeza ulinzi mmoja wa ziada. Namba ikipata kadi ya njano ya pili katika mechi, simu itatetemeka, kioo chote kitakuwa chekundu, na haitapokea kitu kingine mpaka kadi nyekundu iandikwe. Mwamuzi wetu hukimbia mikono mitupu, ana kadi zake mfukoni lakini hana daftari. Anayemkumbusha ni meza, yaani mwandishi. Nilitaka mume wangu asisahau. Nililala vizuri usiku ule, jambo ambalo lingepaswa kunitisha.

Fomu ilifanya kazi karibu msimu mzima. Makosa yaliisha kiasi kwamba manahodha waliacha kubishana mezani, wakawa wanabishana kwingine. Mwenyekiti alinisifu. "Madame, umetuokoa," alisema. Waliniita Madame pale Buyenzi, kwa heshima, na kwa umbali pia. Nilikuwa mke wa mwalimu, mtu wa ofisini, wa Mutanga, anayesimama nyuma ya kiti na mkoba wake kama anasubiri basi.

Ikaja nusu fainali.

Moja ya timu zile ilikuwa ya vijana wa gereji, na haikuwa na jezi za kutosha. Jezi zilikuwa kumi na moja tu, zimetolewa na tajiri mmoja zamani akiwa na furaha. Kwa hiyo, kama ilivyo desturi kwa timu nyingi za mtaa, mchezaji akitolewa huvua jezi pale mstarini na anayeingia huivaa ikiwa imelowa jasho. Nilishawahi kuliona jambo hilo. Nililiona kabisa kwa macho yangu, nikakunja pua, nikawaza habari za upele. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ningefaa kuambiwa.

Kipindi cha kwanza namba nane yao alipata njano kwa kumvuta mtu. Baada ya mapumziko akaumia paja, akatoka, akavua jezi, mwenzake akaivaa. Mume wangu akainama kwenye simu kuandika badiliko. Simu ilimuuliza namba gani inatoka na namba gani inaingia. Namba nane inatoka, namba nane inaingia: mahali pa kuandika hivyo hapakuwepo. Mpira ulikuwa unaendelea, naye akaacha.

Muda haukupita sana, yule aliyeingia akamkanyaga mtu. Njano. Mume wangu akagusa rangi, akagusa kadi, akagusa nane.

Simu ikatetemeka juu ya meza ile kwa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Kioo kikawa chekundu chote, na siku zote nilikuwa nimejivunia kwamba kinaonekana hata juani. Kilionekana vizuri sana. Shabiki mmoja wa timu ya pili, mnene, amefunga kitambaa shingoni, alikuwa ameinama juu ya bega la mume wangu.

"Nyekundu!" alipiga kelele. "Simu imesema nyekundu! Nane atoke!"

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na kuelewa hakukunisaidia chochote. Watu walitiririka kutoka pande zote, wale wa gereji wakisema huyu ameingia sasa hivi, wale wengine wakisema simu aina ndugu, simu aidanganyi. Meza ikasukumwa, mguu wake mfupi ukatoka. Kuna mkono ulipita karibu na sikio langu ukielekea kichwani kwa mume wangu, ukagonga hewa. Nilifungua mdomo kusema fomu ndiyo imekosea, mimi ndiye niliyeitengeneza. Hakikutoka kitu.

Mwamuzi alifika anahema. "Mwalimu, simu inasema nini?"

Mume wangu alisimama. Aliichukua simu, akaitia mfuko wa shati, kioo kikiwa kimelalia kifua chake, akasema kwa sauti yake ya darasani:

"Apana. Ni mi. Nimebonyeza vibaya. Simu aina kosa. Huyu ni njano yake ya kwanza, wallahi."

"Uko sûr? Una hakika?"

"Yule wa kwanza ule pale, amekaa, anafunga paja. Muangalie."

Mwamuzi akaangalia, akapuliza filimbi, mechi ikaendelea. Yule mnene alimwagia mume wangu maji ya chupa kichwani, taratibu, hadi yakaisha. Mwingine alimpiga kofi la kisogoni, na watu wakacheka. Mume wangu akaketi. Simu ilikuwa imejifunga, inasubiri kadi nyekundu ambayo haikuwepo, kwa hiyo sehemu iliyobaki ya mechi aliiandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Timu ya gereji ilishinda.

Mwisho wa mechi mwenyekiti alikuja, akaniangalia mimi kwanza. "Simu ya Madame ni muzuri sana," alisema. "Mutu ndiye anachoka. Mwalimu, fainali upumuzike. Hawa watu wamesema we hawakutaki."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Hata wakati ule sikusema.

Tulikwenda kwa mama yake, nyumba ya pili kutoka msikitini. Mama mkwe alimpa taulo bila kuuliza. Akakaa kwenye ngazi, anajifuta shingo, anaangalia kiganja chake kilichojaa magoli. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"We ungesema nini?"

"Ukweli. Kwamba ni mimi."

"Mbona haukusema?"

Alifuta masikio yake, kwanza moja, halafu la pili.

"Mi wananijua," alisema. "Walisoma kwangu, ama watoto wao wanasoma kwangu. Mutu wanayemujua wanamupiga kidogo. We hawakujui. Wangekupiga vipi, mi sijui."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, na mama yake akatikisa kichwa kukubali. Nililia pale kwenye ngazi, kwa aibu na kwa hasira, na sehemu ya hasira ilikuwa juu yake yeye kwa kuwa na utulivu ule.

Wiki ile niliivunja fomu na kuijenga upya. Majina yalirudi, lakini hakuna aliyeyaandika uwanjani. Nilikwenda kwa manahodha wa timu mbili za fainali, nikayaandika mapema kama wachezaji wenyewe walivyotaka yaandikwe, hata ya utani. Siku ya mechi unagusa jina, unalichagulia namba ya jezi. Mchezaji akitoka, simu inauliza nani anaingia, halafu inauliza swali ambalo hakuna ghala duniani lingeuliza: amevaa jezi yake, au ya anayetoka? Tangu hapo ukigusa nane, chini yake unaona jina la aliye uwanjani, na kadi inakwenda kwa mtu, haiendi kwa kitambaa. Ile nyekundu ya kioo kizima niliiua. Mtu mwenye njano tayari, jina lake linapata alama ndogo ya njano pembeni, inayoonekana na aliyeketi tu, na simu haijifungi kwa sababu yoyote. Inakumbusha, haiamui. Kuamua ni kazi ya fundi wa breki.

Halafu nikaenda dukani kwa mwenyekiti, katikati ya vipuri na harufu ya mafuta, nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yakatoka yote mara moja, vibaya. Alisikiliza huku anapima mkanda wa feni.

"Kwa hiyo mwalimu alidanganya."

"Alidanganya kwa ajili yangu."

"Na simu sasa imepona?"

"Nafikiri hivyo."

"Unafikiri." Aliutundika mkanda ukutani. "Mwalimu hawamutaki, na kumurudisha sasa ni vita. Basi fainali ukae we, Madame. Kama umeitengeneza, ukae nayo."

Nilisema siwezi. Alisema basi tutarudi kwa karatasi, na atatafuta mtu wa kuishika, na sote wawili tulijua ni nani atakayejitolea tena hata kama hatakiwi. Nikakubali. Sijui kama huo ni ujasiri. Nadhani ni woga wa aina nyingine, mkubwa zaidi, uliomeza ule mdogo.

Siku ya fainali sikula. Niliketi kwenye kile kiti cha plastiki, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba nyuma yako husikii watu, unawahisi, joto lao linakaa mgongoni. Mume wangu alisimama nyuma yangu, mahali pangu pa zamani, na mkoba wangu begani kwake. Yule mnene wa kitambaa alikuwepo pia, hatua chache tu. Timu yake haikuwa ikicheza, alikuja kwa ajili ya kelele. Goli la kwanza nililigusa kwa timu isiyolifunga. Nikaona maandishi makubwa juu, nikafuta, nikagusa tena. Hakuna aliyejua.

Namba tatu wa gereji alipata njano. Baadaye akatoka, akavua jezi, mwenzake akaivaa. Simu ikaniuliza swali lake, nikalijibu. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Kongo, na waumini walikuwa wanaangalia saa kwa sababu mechi sharti iishe kabla ya adhana ya magharibi. Ndipo huyu tatu mpya akashika mpira kwa mkono, mbele ya watu wote. Njano.

Nikagusa. Simu ikanyamaza kimya, kama nilivyoifundisha. Lakini watu nao walikuwa wamejifunza. Safari hii walihesabu wenyewe.

"Tatu! Ya pili hiyo! Nyekundu!"

Joto la mgongoni likasogea. Mwamuzi akaja mbio, anafuta uso. "Madame, tatu ana ngapi?"

Niliangalia simu. Nilijua jibu, lilikuwa mbele yangu, limeandikwa wazi. Nilihisi mkono wa mume wangu ukigusa ukingo wa kiti, na nikajua kwamba nikinyamaza sekunde chache tu atasema, atasema tena kwamba ni yeye. Nikasimama. Nikasoma jina la tatu wa kwanza kwa sauti iliyopasuka katikati.

"Njano moja. Ametoka. Yuko wapi?"

Kijana mmoja kifua wazi, ndara miguuni, akanyoosha mkono kutoka kwenye mstari.

Nikasoma jina la pili. "Njano moja. Ndiyo hii ya sasa."

Yule aliyekuwa uwanjani akageuka, na kabla hajafikiri, akanyoosha mkono juu kabisa kama mwanafunzi, jezi ya watu wawili ikimng'ang'ania mgongoni. Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wengi. Mwamuzi akarudi uwanjani.

Lakini sikuketi. Nilikuwa nimeshasimama, na maneno mengine yalikuwa nyuma ya yale ya kwanza. Nikamgeukia yule mnene.

"Na Jumapili ile," nikasema, "mwalimu hakukosea. Fomu ndiyo ilikosea. Niliitengeneza mimi. Maji yale yalikuwa yangu."

Alijifuta uso kwa kitambaa chake.

"Shemeji," alisema, "kaa chini. Mechi inaendelea, we unasimama mbele ya watu."

Nikakaa. Nikaandika yaliyobaki. Adhana ilipoanza filimbi ilikuwa imeshalia, sahihi zimetiwa, na watu wanatawanyika, lakini mimi sikuweza kunyanyuka kwenye kile kiti. Mume wangu aliinama, akaniuliza kama ninaumwa.

"Amenimwagia nini?" nikamuuliza, maana shingo yangu ilikuwa imelowa.

"Apana, ni jasho." Akanipa mkoba wangu. "Umesikia alivyokuita?"

Nilikuwa nimesikia.

"Basi imekwisha," alisema. "Sasa na we watakupiga kidogo."

Nikacheka hadi machozi yakatoka, halafu nikamshika mkono, na sikuuachia mpaka tulipofika kwa mama yake.